Kikao kimebadilishwa saa: namna ya kutangaza kwenye grupu watu wasipotee

Tuanze na ujumbe wenyewe, wa aina ambayo karibu kila grupu limewahi kuupokea. Umetumwa Ijumaa, saa tano na dakika arobaini usiku, na katibu aliyechoka:

> Habari za usiku wapendwa wanakamati, natumaini mu wazima nyote pamoja na familia zenu. Kama tulivyoongea, kile kikao chetu cha kesho kimesogezwa mbele kidogo, sasa itakuwa saa 10 badala ya saa 8. Mahali ni palepale. Samahanini kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.

Ujumbe una adabu zake zote. Katibu alimaanisha Jumamosi, saa kumi jioni, kwenye chumba walichokubaliana Jumatano. Sasa mchukue mwanakamati aliyelala mapema akaufungua Jumamosi asubuhi akinywa chai. Anasoma "kesho", anaelewa Jumapili. Mwingine simu yake inaonyesha muda kwa tarakimu za 10:00 na 16:00, naye kazini amezoea kusoma saa hivyo hivyo. "Saa 10" kwake ni asubuhi. Je, maneno yaliyobaki yatamshtua? Hapana. Ameona "kimesogezwa mbele", na kwake kusogeza mbele ni kuleta karibu, kuwahisha: kikao kilikuwa mchana, sasa ni asubuhi. Kila neno linakubaliana na kosa lake. Huyu atafika saa sita nzima kabla ya wenzake. Wa tatu hakuwepo Jumatano. Kwake "palepale" ni mahali pa kikao cha mwezi uliopita.

Ndiyo sababu kuwaambia watu "someni vizuri" hakusaidii. Walisoma vizuri. Kazi yote iko kwa anayeandika, na inaanza kabla hajagusa simu.

Hatua ya kwanza: maliza mambo nje ya grupu

Usitangaze badiliko ambalo bado lina "labda". Kabla ya kuandika, piga simu mbili au tatu. Ya kwanza ni kwa mwenye chumba au mwenye ufunguo: je, saa hiyo mpya pako wazi, na patakuwa wazi mpaka mtakapomaliza? Kikao kinapotoka mchana kwenda jioni, hapo ndipo chumba hukutwa kimechukuliwa na watu wengine, au mlinzi hukutwa ameshafunga na kwenda zake. Simu ya pili ni kwa wale ambao bila wao kikao hakipo: mwenyekiti, mweka hazina mwenye daftari, mgeni aliyealikwa kuzungumza. Hawa wasijue badiliko kupitia grupu.

Kama saa mpya inahitaji maoni ya wengi, omba maoni kwanza, uyafunge, kisha tangazo lije peke yake kama kitu kipya. Tangazo lililozaliwa katikati ya mjadala huwa halionekani. Mmoja amesema "tufanye saa tisa", mwingine "mimi saa tisa siwezi, kumi je?", wa tatu kaweka dole gumba, na katibu anadhani watu wameelewa kuwa ni kumi. Anayefungua simu baadaye anakuta saa tatu tofauti na hajui ipi ilishinda.

Kubalianeni pia nani anatangaza. Awe mtu mmoja. Mwenyekiti akitangaza kwa maneno yake na katibu kwa maneno yake, hata kama wote wanasema kitu kimoja, wapo watakaosoma kana kwamba ni mabadiliko mawili.

Hatua ya pili: andika ujumbe unaojitosheleza

Kipimo ninachotumia ni hiki: mtu ambaye hakuona ujumbe wowote wa nyuma, akitumiwa huu mmoja tu na jirani yake, aweze kufika. Ukikikubali kipimo hicho, maneno kama "kama tulivyoongea", "kile kikao" na "palepale" yanajiondoa yenyewe, kwa sababu yote yanamrudisha msomaji kwenye kitu ambacho huenda hana.

Anza na badiliko, si na salamu. Najua hili linawauma wengi, maana kwetu mtu haingii ndani bila kubisha hodi. Lakini simu iliyofungwa huonyesha mstari mmoja au miwili ya mwanzo ya ujumbe, na wengi huishia hapo wakiwa njiani au kazini. Ukianza na "Habari za usiku wapendwa wanakamati, natumaini mu wazima", ndicho kitu pekee watakachokiona, nao watasema nitasoma baadaye. Weka salamu fupi mstari wa pili au mwishoni. Hakuna atakayekosewa heshima.

Kisha siku. Andika jina la siku pamoja na tarehe, vyote viwili, kwa sababu kimoja humsahihisha mwenzake: ukikosea tarehe, mtu ataona kuwa haiendani na siku na atauliza. "Kesho", "leo" na "keshokutwa" hubadilika maana usiku wa manane ukipita, na ujumbe unaweza kusomwa saa yoyote. "Jumamosi ijayo" nayo ina watu wawili ndani yake: yupo anayeona ni hii inayokuja, na yupo anayeona ni ile ya wiki nyingine. Kama kikao ni cha usiku, kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa wapo wanaohesabu kuwa siku huanza jua linapozama. Kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Hapo andika "usiku wa Ijumaa tarehe 13 kuamkia Jumamosi tarehe 14, saa mbili usiku", na suala limekwisha.

Saa ndiyo yenye mtego mkubwa, na inastahili tuikalie kidogo. Sisi tunahesabu kuanzia macheo na machweo, simu zinahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni saa sita kamili. Mtu hakosei kwa dakika kumi, anakosea kwa zaidi ya nusu siku ya kazi. Hatari ni tarakimu tupu. "Saa 4" inaweza kuwa saa nne asubuhi, saa nne usiku, au saa kumi jioni kwa aliyezoea kusoma simu. Nambari 7, 8, 9 na 10 ndizo mbaya kuliko zote kwa vikao, kwa sababu zinaleta maana nzuri kwa hesabu zote mbili: saa 8 ni mchana kwetu na ni saa mbili asubuhi kwa simu, na vikao hufanyika nyakati zote hizo.

Dawa ni kuandika saa mara mbili kwa namna mbili: kwa maneno pamoja na kipindi cha siku, kisha kwa tarakimu za saa ishirini na nne kwenye mabano. "Saa kumi kamili jioni (16:00)." Maneno "kumi jioni" hayawezi kusomwa kama asubuhi, na 16:00 haiwezi kusomwa kama kitu kingine chochote, kwa kuwa hakuna saa ya kumi na sita katika hesabu yetu. Kwa vikao vya asubuhi tarakimu hazijitetei hivyo. 10:00 peke yake bado inaweza kusomwa kama kumi jioni. Hapo ni neno "asubuhi" ndilo linalobeba mzigo, basi lisikosekane: "saa nne kamili asubuhi (10:00)". Usichanganye hesabu mbili katika kipande kimoja, kwa mfano kuandika "saa 4 PM". Anayeandika hivyo anajua alichomaanisha, wasomaji watagawanyika.

Namna ya kuhakiki ni rahisi. Toa sita kwenye tarakimu za simu, na kama zimezidi kumi na nane toa kumi na nane, uone kama unapata neno uliloandika. 16 toa 6 ni kumi. 10 toa 6 ni nne. 20 toa 18 ni mbili, yaani saa mbili usiku. Kama havilingani, umekosea sehemu mojawapo, na ni nafuu ugundue wewe kabla ya watu arobaini.

Acha kabisa "kimesogezwa mbele" na "kimerudishwa nyuma". Ukiwauliza watu kumi maana ya kusogeza kikao mbele, wengi watakwambia ni kukichelewesha, lakini hawatakosekana wa kukwambia ni kukiwahisha, na wote ni wasemaji wazuri. Sema "kitaanza baadaye kuliko ilivyotangazwa" au "kitaanza mapema zaidi". Kama siku yenyewe imebadilika, "kimeahirishwa hadi" ni wazi, mradi utaje hadi lini. "Kimeahirishwa" peke yake kinaacha watu wakisubiri.

Mahali paandikwe kwa ukamilifu hata kama hapajabadilika, kisha uongeze kwamba hapajabadilika. Mtu anayesoma kuwa saa imebadilika hujiuliza papo hapo kama na mahali pamebadilika. Ukikaa kimya, atajaza mwenyewe. Taja jengo, ghorofa, chumba, na mlango wa kuingilia kama ipo zaidi ya mmoja.

Na saa ya zamani je, uitaje? Naona ndiyo, mara moja, mwishoni, ikiwa na neno linaloiua. Bila kuitaja, mtu mwenye saa nane kichwani anaweza kudhani kuna vikao viwili siku hiyo. Ukiitaja mwanzoni, anayesoma haraka ataondoka nayo. Vile vile usiichore mstari wa kukata katikati. Unaonekana vizuri kwenye simu yako, lakini mtu akiyanakili maneno na kuyapeleka kwingine, mstari unaweza kupotea na saa ya zamani ikabaki imesimama kama mpya.

Ujumbe wa katibu wetu, ukiandikwa hivyo, unakuwa hivi:

> KIKAO CHA KAMATI: SAA IMEBADILIKA
> Jumamosi, tarehe 14 Machi, saa kumi kamili jioni (16:00).
>
> Habari zenu wanakamati. Kikao kitaanza baadaye kuliko tulivyotangaza mwanzo.
>
> Mahali hapajabadilika: Jengo B, ghorofa ya kwanza, chumba namba 6. Ingieni kwa lango la nyuma. La mbele hufungwa Jumamosi.
>
> Tutamaliza saa kumi na mbili kamili jioni (18:00).
>
> Saa nane mchana iliyotangazwa Jumatano imefutwa. Swali lolote, niulizeni mimi, katibu.

Muda wa kumaliza nimeuweka makusudi. Kikao kinapobadilishwa saa, swali la kwanza la mwenye watoto au mwenye safari ya mbali si kuanza, ni kutoka. Usipolijibu, litakuja kwenye grupu, na majibu yake yatalisukuma tangazo juu mpaka lipotee.

Sababu ya badiliko sikuiweka. Ikiwa fupi na ina faida, iweke kwa maneno matano. Maelezo marefu ya nani alichelewa kujibu nini ni mazungumzo, nayo yataleta mazungumzo.

Kuhusu ramani na ujumbe wa sauti

Watu wengi hutuma lokesheni wakiwa sebuleni kwao. Programu ya ujumbe hukupa kwanza alama ya pale ulipo wewe sasa hivi, na ukibonyeza haraka, umewaelekeza wanakamati nyumbani kwako. Kabla ya kutuma, tafuta jina la jengo kwenye kisanduku cha kutafutia, au sogeza ramani mpaka alama iwe juu ya paa lenyewe. Ukishatuma, ifungue mwenyewe kama mgeni uone inakupeleka wapi. Lokesheni ya moja kwa moja, ile inayokufuata unapotembea, haifai kabisa kwa tangazo: kwenye WhatsApp hudumu dakika 15, saa moja au saa 8 kadiri ulivyochagua, kisha inazima, na wakati wote huo inaonyesha ulipo wewe, si kilipo kikao.

Ujumbe wa sauti uwe wa nyongeza tu, kwa wanaosoma kwa shida. Hauwezi kutafutwa kwa neno, hauonekani bila kufunguliwa, na "saa kumi na moja" iliyorekodiwa kwenye gari yenye kelele husikika "saa moja" bila tabu. Ukiurekodi, soma maandishi yale yale neno kwa neno.

Hatua ya tatu: uue ujumbe wa zamani

Hapa ndipo wengi husimama mapema. Tangazo jipya limeshatoka, lakini la zamani bado liko pale juu, na mtu anayetafuta "kikao" Jumamosi asubuhi anaweza kulikuta hilo kwanza. Ujumbe wa zamani haujui kwamba umefutwa.

Kwenye WhatsApp ujumbe huweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tu tangu utumwe. Kama uko ndani ya muda huo na umekosea kitu, unaweza kuuhariri, lakini kumbuka kuwa kuhariri hakulizi simu za watu upya. Aliyekwisha kusoma hatajua. Kwa hiyo kuhariri saa kimyakimya ni kosa: nusu ya grupu inabaki na ya kwanza, nusu inaona ya pili, na kila upande una hakika. Hata ukihariri, tuma ujumbe mpya.

Baada ya dakika hizo, futa tangazo la zamani kwa wote. Mtumaji ana siku mbili na kidogo za kufanya hivyo, na msimamizi wa grupu anaweza kufuta hata ujumbe wa mwingine. Tuma kwanza jipya, ndipo ufute la zamani. Ukigeuza mpangilio huo, watu watakuta alama ya ujumbe uliofutwa, hawatakuta maelezo, na grupu litajaa "kuna nini?"

Muda wa kufuta ukiwa umepita, basi libandue kama lilikuwa limebandikwa juu ya grupu, na ubandike jipya mahali pake. WhatsApp inakuachia uchague lidumu saa 24, siku 7 au siku 30. Chagua muda utakaofika siku ya kikao, maana kikao kikiwa siku nne mbele na wewe umechagua saa 24, tangazo litashuka lenyewe kabla ya siku yenyewe. Kama maelezo ya grupu nayo yana saa ya kikao, yabadilishe. Wengi huyasahau kwa kuwa hakuna anayeyasoma, isipokuwa yule mmoja aliyeingizwa jana.

Kitu kinachokuwa kigumu kuua ni bango, ile picha iliyopambwa yenye saa na mahali. Picha husambaa haraka kuliko maandishi, na huaminika zaidi. Ukifuta ya kwenye grupu lako, zilizopelekwa kwingine zinabaki. Hapo njia pekee ni kutengeneza bango jipya lenye rangi tofauti kabisa na la kwanza, lenye neno "SAA MPYA" juu. Rangi ni muhimu kuliko inavyoonekana: mtu akiona bango linalofanana na la jana, anapita bila kulisoma. Waombe waliolipeleka la kwanza kwenye makundi mengine walipeleke na hili hukohuko. Waombe kwa majina, mmoja mmoja.

Hatua ya nne: jua nani amepata

Bonyeza na ushikilie ujumbe wako, fungua taarifa zake, na utaona orodha mbili: waliosoma na waliofikiwa bila kusoma. Asiyekuwa kwenye orodha yoyote, simu yake imezima au haina bando. Kwenye grupu, hata mtu aliyezima tiki za bluu huonekana kuwa amesoma, kwa hiyo orodha hiyo ni ya kutegemewa kuliko tiki za mtu binafsi.

Lakini kusoma si kuelewa, na "sawa" haithibitishi chochote. Yule aliyeelewa 10:00 asubuhi naye angejibu "sawa, ahsante katibu". Kwa wale wachache ambao lazima wafike, uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo: "Mzee, utatoka nyumbani saa ngapi ili ufike?" Akikwambia anatoka saa tatu asubuhi, umelikamata kosa. Ukimtaja mtu kwa alama ya @ na jina lake, hupata taarifa hata kama amenyamazisha grupu, ila usiwataje watu thelathini. Wataje wasiosoma tu, jioni ya siku hiyo hiyo.

Wapo wa kupigiwa simu moja kwa moja: anayesafiri kutoka mbali, asiye na simu janja, na yule ambaye husoma ujumbe mara moja kwa wiki na kila mtu anamjua.

Uzito wa hatua hii unategemea badiliko limeelekea wapi. Kikao kikichelewa, asiyepata habari atafika mapema na kusubiri; atanuna, lakini hatakosa. Kikao kikiwahishwa, asiyepata habari atafika watu wakitoka. Kwa sababu hiyo, badiliko la kuchelewesha naweza kulitangaza kwenye grupu na kufuatilia wachache. La kuwahisha silitangazi bila kumpata kila mtu, na kama siwezi kumpata kila mtu, ni bora kuacha saa ilivyo. Kipimo kingine ni safari: habari lazima imfikie mtu wa mbali zaidi kabla hajatoka kwake. Kama anatumia saa mbili njiani na kikao ni baada ya saa tatu, grupu limeshapitwa na wakati. Shika simu, piga.

Hatua ya tano: maswali, na ukumbusho

Dakika kumi baada ya tangazo, mtu atauliza, "Kwa hiyo ni saa ngapi?" Usikasirike, na usimjibu kwa kuandika upya. Rudi kwenye tangazo, lijibu hilo lenyewe kwa kuliburuta pembeni, na uandike tu "hili hapa". Hivyo anayebonyeza jibu lako anapelekwa kwenye tangazo kamili. Ukiandika upya kwa haraka "saa 10 ndugu", umetengeneza tangazo la pili, fupi na bovu, na ndilo litakalokuwa chini kabisa ya mazungumzo, mahali ambapo watu hutazama kwanza.

Mwanakamati mwingine akikutangulia kujibu na akakosea, msahihishe hapo hapo mbele ya wote, kwa upole lakini wazi: "Hapana kaka, si saa tisa. Ni saa kumi kamili jioni (16:00), angalia tangazo." Kosa la mtu mwenye heshima likiachwa bila kuguswa kwa kuona haya, linakuwa saa rasmi ya nusu ya grupu.

Ukumbusho tuma mara mbili: siku moja kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Nakili tangazo lile lile bila kubadilisha neno, ukiongeza juu yake "UKUMBUSHO, HAKUNA KIPYA". Maneno hayo mawili ya mwisho yanafanya kazi kubwa. Grupu lililokwisha badilishiwa saa mara moja huwa na wasiwasi. Wakiona ujumbe mwingine wenye herufi kubwa, wanadhani imebadilika tena.

Na kama kweli imebadilika tena? Andika juu kabisa "BADILIKO LA PILI", taja siku na saa ya kutuma ndani ya ujumbe, kwa mfano "limetumwa Alhamisi saa moja usiku (19:00)", na useme wazi kuwa matangazo yote ya kabla yake yamefutwa. Mtu mwenye matangazo matatu mkononi anapata njia ya kujua lipi la mwisho bila kukisia. Badiliko la tatu sishauri kabisa. Hapo ahirisha kikao hadi tarehe nyingine, uanze upya.

Siku yenyewe

Atakuwepo atakayefika kwa saa ya zamani. Bandika karatasi kwenye mlango wa chumba, na kama mahali napo pamehama, kwenye mlango wa mahali pa zamani pia: kikao kipi, saa ipi mpya, mahali gani, namba ya kumpigia nani. Mtu mmoja wa kamati anayeishi jirani apite pale saa nane mchana, akae robo saa.

Siku hiyo katibu asiweke simu kimya kuanzia saa ya zamani mpaka saa mpya. Kikao kikishaanza, bandua tangazo juu ya grupu. Lisipoondolewa linaweza kukaa pale hadi kikao kijacho, na atakayeliona atalisoma kama la mwezi huo.